Vigaga vya mdomo kwa wanambuzi na wanakondoo: maswali na majibu

Vitoto vyangu viwili vya mbuzi vina vigaga vigumu pembeni mwa midomo. Nivibandue ndipo nipake dawa?

Usivibandue. Chini ya kigaga ngozi mpya inajijenga, na ukikiondoa unaitoa nayo: damu inatoka, bakteria wanaingia, kupona kunachelewa. Isitoshe, kigaga ndicho kimebeba kirusi. Kikianguka kwenye banda kavu, kirusi kinaweza kukaa hai miezi mingi, hata kuvuka mwaka. Ndiyo maana ugonjwa hurudi msimu wa kuzaa ingawa hujaingiza mbuzi mgeni.

Kirusi hiki hakina dawa ya kukiua, na vidonda vingi hupona vyenyewe ndani ya wiki tatu au nne. Antibayotiki ni ya pale tu bakteria walipoingia: usaha, harufu mbaya, uso kuvimba. Hapo safisha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, nusu lita kwa kijiko kimoja cha chai cha chumvi, kisha mwite afisa mifugo. Chungulia vidonda kila siku, maana nzi wakitaga, funza hufuata. Miiba na majani makavu yanayochoma yaondolewe kwenye malisho, kwa kuwa kirusi huingilia penye mchubuko.

Kama kuna homa kali, kuhara na makamasi mazito, au wanakufa wengi kwa haraka, usiseme ni vigaga tu. Hiyo yaweza kuwa sotoka ya mbuzi na kondoo, na ni ya kutoa taarifa siku hiyohiyo.

Mama mmoja anampiga mtoto teke kila akitaka kunyonya. Amemchoka?

Mkague chuchu. Mtoto mwenye vidonda huambukiza kiwele anaponyonya, na chuchu yenye kidonda inauma. Mama akikataa, mambo mawili hufuatana: mtoto anashinda njaa, na maziwa yanabaki kiweleni hadi kinashikwa na uvimbe. Mara nyingi kinachoua kitoto ni njaa hiyo kuliko vidonda vyenyewe.

Tuseme kitoto kina kilo 4 na chuchu moja ya mama ina kidonda. Kwa siku kinahitaji maziwa kiasi cha nusu lita, yaani mililita 125 mara nne, ya uvuguvugu. Mkamue mama taratibu chuchu zote mbili, asubuhi na jioni, umnyweshe mtoto kwa chupa yake peke yake. Chuchu yenye kidonda ioshwe kwa maji ya chumvi, ikaushwe, ipakwe mafuta ya mgando ili isipasuke. Kiwele kikiwa cha moto na kigumu, au maziwa yakitoka na mabonge au damu, hicho kimeshashikwa: maziwa hayo usimpe mtoto, na afisa mifugo aje leo, asisubiri kesho.

Kosa linaloeneza ugonjwa zizini ni kuacha kitoto chenye njaa kizunguke kikiiba maziwa kwa mama wengine. Kitoto kimoja cha kiume kichokozi kinaweza kuambukiza viwele vitatu kwa jioni moja. Kitoto hicho kitengwe, kikae na mama yake tu. Kukamua kuanze na wazima, kuishie kwa wagonjwa, na mikono ioshwe kila baada ya mbuzi.

Lakini mama huyu aliugua mwaka jana. Mbona maziwa yake hayakumkinga mtoto?

Kinga ya ugonjwa huu haipiti vizuri kwenye dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa. Mama mwenyewe akiambukizwa tena huugua kidogo, lakini mtoto anaanza upya. Chanjo ipo katika nchi kadhaa, ila ina kirusi hai: ukiipeleka kwenye zizi ambalo halijawahi kuugua, umeuleta ugonjwa kwa mkono wako.

Nimetokwa na uvimbe kama jipu kidoleni siku tano baada ya kuwanywesha. Nilitumbue?

Hapana, ndani yake hakuna usaha wa kutoa. Huanza kama kipele chekundu, kisha katikati huwa pekundu, panazungukwa na duara jeupe, na pembeni pekundu tena, halafu hulia maji na kufanya kigaga. Mara nyingi hukaa wiki nne hadi sita na kupona bila kovu kubwa. Kifunike kwa kitambaa safi na umwambie daktari kwamba umeshika mbuzi wagonjwa, maana wengi hukipasua wakidhani ni jipu. Nenda hospitali haraka ukipata homa, mstari mwekundu ukipanda mkononi, au kidonda kikigeuka cheusi na ulimchuna mnyama aliyekufa ghafla. Hicho kinaweza kuwa kimeta.

Kwa siku zijazo vaa glavu unapomshika mdomo au kiwele, funika mikwaruzo, na osha mikono kwa sabuni na maji tele. Watoto wasimtie kitoto kidole mdomoni anyonye, ingawa ndivyo wengi humzoesha chupa. Mwenye kinga dhaifu au pumu ya ngozi asiwashike kabisa, kwake vidonda huweza kuwa vikubwa na vingi.