Kumbukumbu za Mkutano wa Idara: Yanayodhaniwa na Yaliyo Kweli Kuhusu Mitaala na Uteuzi wa Watahini

Niliwahi kuwa katibu wa vikao vya idara kwa muda wa kutosha kujua kwamba kumbukumbu hazisomwi sana na watu waliohudhuria mkutano. Wao wanajua walichoamua, au angalau wanadhani wanajua. Wanaozisoma kwa makini ni karani wa mitihani anayejaribu kuelewa kwa nini mwanafunzi mmoja amepungukiwa krediti, bodi ya kitivo inayoulizwa nani alimteua mtahini fulani, na mkuu mpya wa idara aliyekuta faili mezani. Hawa wote hawakuwamo chumbani, na dhana karibu zote potofu kuhusu kumbukumbu hutokana na kuwasahau.

Dhana: Kumbukumbu nzuri ni ile inayoandika kila kilichosemwa na kila aliyekisema.

Kumbukumbu hazitakiwi kuwa nakala ya mazungumzo. Kinachotakiwa ni uamuzi, sababu yake kwa sentensi moja au mbili, na jina au cheo cha atakayeutekeleza pamoja na tarehe. Mjumbe akiomba pingamizi lake liandikwe, liandikwe. Vinginevyo ukurasa mzima wa "mjumbe mmoja alisema, mwingine akajibu" humchosha msomaji na mara nyingi huuficha uamuzi wenyewe katikati ya aya.

Dhana: Idara ikishapitisha badiliko la kozi na likaandikwa kwenye kumbukumbu, mtaala umebadilika.

Katika vyuo vingi, idara haina mamlaka ya mwisho juu ya mtaala. Inapendekeza kwa bodi ya kitivo, na kitivo hupeleka kwenye seneti au chombo chenye nafasi hiyo. Kwa hiyo kitenzi kimoja ndani ya kumbukumbu kina uzito mkubwa. "Mkutano uliidhinisha" ni kauli ya mwenye mamlaka, na "mkutano ulipendekeza kwa bodi ya kitivo" ni kauli ya anayeomba. Idara inayoandika la kwanza huku ikimaanisha la pili hujikuta inafundisha kozi ambayo kwenye kumbukumbu za chuo haipo, na matokeo yake hayana mahali pa kuingizwa.

Hata hivyo, kosa ninaloliona mara nyingi zaidi halimo katika kitenzi bali katika yale yaliyoachwa. Tuchukue mfano wa kubuni wa programu ya miaka mitatu yenye krediti 120 kila mwaka, yaani 360 kwa jumla, na krediti moja ikihesabiwa kuwa saa 10 za kazi ya mwanafunzi. Mwaka wa pili una kozi mbili zinazotuhusu. Ya kwanza ni TK 210, Mbinu za Utafiti, yenye krediti 8. Ya pili ni TK 226, Uchambuzi wa Data, yenye krediti 12. Kozi nyingine za mwaka huo zina krediti 100, na hesabu inatimia 120. Idara inaona kwamba saa 80 hazitoshi kwa Mbinu za Utafiti na inataka ziwe 120. Kwa kuwa jumla ya mwaka haiwezi kuzidi, krediti 4 zinatolewa kwenye TK 226. Katibu anaandika hivi:

"Mkutano ulikubali kuongeza krediti za TK 210. Utekelezaji uanze mwaka ujao."

Waliokuwamo wanaelewa. Lakini sentensi hizo mbili hazisemi zimeongezwa krediti ngapi, zimetoka wapi, mwaka ujao ni upi, wala badiliko linawahusu wanafunzi gani. La mwisho ndilo linaloumiza. Mwanafunzi aliyefaulu TK 210 ya zamani ana krediti zake 8. Kama alifeli TK 226 na akairudia baada ya badiliko, atapata krediti 8 za kozi mpya badala ya 12. Jumla ya mwaka wake wa pili itakuwa 100 na 8 na 8, yaani 116, na jumla ya programu nzima itakuwa 356. Amefaulu kila kozi aliyopangiwa, na bado hatimizi masharti ya kuhitimu. Mwenzake aliyefeli TK 210 ya zamani na kufaulu TK 226 ya zamani, akirudia, ataishia na krediti 364, jambo lisilomzuia kuhitimu lakini linalomfanya msajili aulize maswali.

Hakuna mtu aliyekusudia hayo. Yametokea kwa sababu mkutano haukusema lolote kuhusu wanaorudia, au ulisema na katibu hakuandika. Maandishi yanayotosha ni haya:

"Agenda ya 5. Mkutano ulipokea andiko la kamati ya mitaala kuhusu kozi TK 210 na TK 226 (Kiambatisho B) na ukapendekeza kwa bodi ya kitivo kwamba: (a) krediti za TK 210 ziongezwe kutoka 8 hadi 12, na za TK 226 zipunguzwe kutoka 12 hadi 8, (b) badiliko liwahusu wanafunzi wanaoingia mwaka wa pili katika mwaka wa masomo 2025/2026 na baada ya hapo, (c) wanafunzi walioingia mwaka wa pili kabla ya hapo na wanaorudia kozi yoyote kati ya hizo mbili watahiniwe kwa muundo wa zamani na kupewa krediti za zamani hadi mwisho wa mwaka wa masomo 2026/2027. Mratibu wa programu awasilishe andiko kwa katibu wa kitivo kabla ya tarehe iliyopangwa ya kupokea agenda."

Ni maneno mengi zaidi, nakiri. Lakini kipengele (c) peke yake kinaondoa rufaa ambayo ingekuja baada ya miaka miwili, wakati ambapo nusu ya wajumbe wamekwisha sahau au wamehama. Ninashauri katibu asomee wajumbe maneno ya uamuzi wa namna hii kabla ya mwenyekiti kufungua agenda inayofuata, kwa sababu hapo ndipo hugundulika kwamba watu wawili waliokubaliana walikuwa wamekubaliana mambo tofauti.

Jambo moja dogo kuhusu kiambatisho: kiwe ni andiko lililojadiliwa siku ile, lenye tarehe yake. Nimekuta kumbukumbu zinazotaja "rasimu iliyowasilishwa" wakati kwenye faili kuna rasimu tatu zisizo na tarehe.

Dhana: Mtahini ameteuliwa pale jina lake lilipotajwa mkutanoni na kuandikwa.

Hapa pia idara kwa kawaida hupendekeza tu, na mamlaka ya juu huteua na kutuma barua. Hadi barua itoke, mtu huyo si mtahini, na kumtumia tasnifu au mitihani ni kutanguliza mambo. Jina tupu nalo halitoshi. Kumbukumbu zinapaswa kuonyesha cheo na taasisi anayotoka, kazi anayopendekezewa, iwe ni kusahihisha tasnifu moja au kupitia mitihani ya programu nzima, na kwamba wasifu wake uliambatishwa. Kwa tasnifu, ni busara pia kupendekeza mtahini wa akiba katika kikao hichohicho, kwa kuwa mtahini akijitoa baada ya miezi miwili, mwanafunzi hulazimika kusubiri kikao kingine cha idara na kingine cha kitivo.

Muda wa uteuzi ni mtego mwingine. Mtahini wa nje wa programu huteuliwa kwa miaka kadhaa, mitatu au minne katika vyuo vingi. Lakini "kwa miaka mitatu", ikiandikwa katika kikao cha mwezi wa nne, inaanzia lini? Ikihesabiwa kuanzia siku ya kikao, muda wake unaweza kuisha wiki chache kabla ya mitihani ya mwaka wake wa mwisho. Heri kuandika miaka ya masomo yenyewe: "kwa mitihani ya miaka ya masomo 2025/2026 hadi 2027/2028."

Dhana: Mgongano wa maslahi ni jambo la aibu, hivyo hauandikwi.

Kinyume chake, usipoandikwa ndipo aibu huja. Idara nyingi ni ndogo, na wanazuoni wa fani moja hufahamiana. Haishangazi kwamba msimamizi wa tasnifu amewahi kuandika makala pamoja na mtahini anayependekezwa, au kwamba mtahini huyo alikuwa mwanafunzi wake. Kanuni za vyuo huweka mipaka, kwa mfano kutomteua mtu aliyefanya kazi au kusoma katika idara hiyo ndani ya miaka michache iliyopita. Kazi ya kumbukumbu ni kuonyesha kwamba swali liliulizwa na likajibiwa, na pale mjumbe anapokuwa na maslahi katika uamuzi, kuonyesha alichofanya: "Mjumbe alitangaza uhusiano wake na mtahini anayependekezwa, akatoka kabla ya majadiliano na kurejea baada ya uamuzi."

Anapotoka, katibu ahesabu akidi. Idara yenye wajumbe 15 ambayo akidi yake ni 8, ikiwa na wajumbe 8 chumbani, hubaki na 7 mmoja akitoka. Isipokuwa kanuni za chuo zinasema vinginevyo, uamuzi wa agenda hiyo una dosari hata kama kikao kizima kilifunguliwa kwa akidi halali. Ndiyo maana idadi ya waliobaki iandikwe pale pale kwenye agenda husika, isiachwe kwenye orodha ya mwanzoni peke yake.

Wapo pia wasiotakiwa kusikia. Pale ambapo majina ya watahini wa tasnifu ni siri kwa mtahiniwa, wawakilishi wa wanafunzi hutoka kabla ya agenda hiyo, na maamuzi yake huandikwa kwenye sehemu ya siri inayohifadhiwa na kusambazwa peke yake. Katibu aliyefanya hayo yote kisha akatuma faili moja kwa orodha yote ya wajumbe amevujisha siri kwa mkono wake mwenyewe.

Dhana: Uamuzi hauwi uamuzi hadi kumbukumbu zithibitishwe, na siku ya kuzithibitisha unaweza kujadiliwa upya.

Uamuzi hufanyika siku ulipofanywa. Kikao kinachofuata kinapothibitisha kumbukumbu, kinasema tu kwamba maandishi yanalingana na kilichotokea. Kwa hiyo mratibu hana sababu ya kuchelewesha andiko la TK 210 hadi kikao kijacho, na mjumbe aliyeshindwa kwa kura hawezi kudai "marekebisho" yanayogeuza matokeo. Akitaka jambo lijadiliwe tena, aombe liwe agenda mpya.

Makosa ya kweli husahihishwa waziwazi. Tuseme kipengele (c) kilichapwa 2027/2028 badala ya 2026/2027. Kosa hilo hutajwa kwenye kikao cha uthibitisho, huandikwa ndani ya kumbukumbu za kikao hicho kwa namba ya agenda na maneno yanayobadilishwa, kisha mwenyekiti hutia saini nakala iliyorekebishwa. Likigunduliwa baada ya saini, nakala iliyotiwa saini haiguswi. Masahihisho huandikwa kwenye kumbukumbu za kikao kitakachofuata, na katibu wa kitivo hutumiwa taarifa, kwa sababu yeye tayari ana ile yenye kosa.