Kwa nini Naruto iliiacha manga baada ya episodi ya 135: jinsi ninavyozitambua fila

Kila ninapomshauri mtu aanze kutazama Naruto, mfululizo wa katuni wa Kijapani, swali lake la kwanza ni lile lile: ni wapi pa kuruka? Anakuwa amesikia kwamba ndani ya episodi 220 za mfululizo wa kwanza zimo nyingi za kujazia, zile ambazo mashabiki wamezoea kuziita fila, yaani episodi zilizotungwa na watengenezaji wa anime, yaani katuni ya televisheni, na ambazo hazimo katika manga, hadithi ya picha ya Masashi Kishimoto ambayo katuni inaifuata. Kabla ya kumpa orodha, mimi hupenda kumweleza kwanza zilitoka wapi, kwa sababu akishaelewa chanzo chake ataweza kuzitambua mwenyewe.

Manga hiyo ilianza kuchapishwa katika jarida la Weekly Shonen Jump mwaka 1999, sura moja kwa wiki, na kwa kawaida kila sura ilikuwa na kurasa zisizozidi ishirini hivi. Anime ilianza kurushwa na TV Tokyo mwezi Oktoba 2002, ikitengenezwa na Studio Pierrot, wakati ambapo Kishimoto alikuwa tayari ametangulia kwa zaidi ya sura 100. Akiba hiyo ilionekana kubwa, lakini ilikuwa ikiliwa haraka kuliko ilivyojazwa. Episodi 135 za mwanzo zilifika karibu na mwisho wa sehemu ya kwanza ya hadithi, inayomalizika katika sura ya 238. Hata tukizihesabu fila chache zilizokuwa zimechomekwa njiani, episodi moja ilimeza wastani wa karibu sura mbili, ilhali mwandishi alitoa moja tu kwa wiki, na baadhi ya wiki jarida halikutoka kabisa.

Kufikia mwaka 2005, basi, Pierrot walikuwa wanamkaribia mwandishi. Kusimamisha mfululizo kungemaanisha kupoteza nafasi ya kila wiki kwenye televisheni, na pamoja nayo wadhamini na watazamaji waliokwisha kuizoea saa hiyo. Kupunguza mwendo nako kuna gharama yake, kama wanavyojua watazamaji wa One Piece, ambako mara nyingi episodi nzima haimalizi hata sura moja, na nyuso zilizoduwaa huonyeshwa mpaka mtu achoke. Pierrot walichagua kutunga hadithi zao wenyewe, na kuanzia episodi ya 136 hadi ya 219, isipokuwa vipande vichache vya mwanzoni, mhusika mkuu, Naruto, anazunguka katika misheni zisizo za Kishimoto. Kishimoto alipata zaidi ya mwaka mmoja na nusu wa kutangulia tena.

Mahali walipozichomeka ndipo penye dalili ya kwanza. Katika manga, baada ya pambano lake na Sasuke, rafiki na mpinzani wake, Naruto analazwa hospitalini, mwalimu wake Jiraiya anamwambia kwamba atamchukua kwenda kufanya mazoezi, na safari inafuata bila kukawia. Katika anime safari hiyo haifiki mpaka episodi ya 220. Hadithi iliyotangaza jambo zito kisha ikamwacha mhusika azurure kwa episodi 84 imeacha njia yake.

Dalili ya pili ni kwamba hakuna kinachobadilika. Mtunzi wa fila hana ruhusa ya kumuua mhusika mkuu, kumfundisha mbinu itakayodumu wala kufichua siri ambayo mwandishi hajaifichua. Kwa hiyo mzigo wote huwekwa juu ya wageni: kijiji kisichotajwa tena, adui ambaye hakuna amkumbukaye baadaye. Raiga, mwenye panga pacha za umeme ziitwazo Kiba, ni mfano mzuri. Anime ilimtambulisha kuwa mmoja wa wapiga panga saba wa kijiji cha Kirigakure, lakini manga ilipokuja kuwaonyesha wapiga panga hao miaka mingi baadaye, panga hizo zilikuwa mikononi mwa Ameyuri Ringo.

Hata hivyo dalili hizi huweza kudanganya. Kuna episodi za mchanganyiko, zenye dakika chache za manga katikati ya mambo yaliyobuniwa, na anayeziruka hukosa dakika hizo. Wapo pia wanaodhani kwamba uchekeshaji au michoro duni ni ushahidi, jambo ambalo si kweli, kwani manga yenyewe ina vichekesho tele. Katika Naruto Shippuden, mfululizo uliofuata, episodi za 451 hadi 458 kuhusu maisha ya Itachi, kaka yake Sasuke, hazimo katika manga, lakini zinatokana na riwaya zilizotolewa rasmi, na mimi sizihesabu kuwa fila.

Kipimo ninachokiamini ni kuweka sura kando ya episodi na kutafuta tukio la mwisho linalolingana, kisha tukio la kwanza linalolingana baada yake. Chochote kilicho katikati ni cha studio. Si lazima kirukwe: episodi ya 101, ambamo Naruto na wenzake wanahangaika kuuona uso wa mwalimu wao Kakashi nyuma ya barakoa, ni fila, nami nimeitazama mara nyingi kuliko episodi kadhaa za Kishimoto mwenyewe.