Je, wajua simu inavyoweza kugeuza ujauzito kuwa ngamia?

“Ustadh wetu hapa Iringa alitueleza kwa Kiarabu, dakika chache tu, jinsi simu inavyosoma maandishi ya kwenye picha. Nilishika nusu. Kosa la tafsiri linaingilia wapi hasa?”

Mara nyingi huingia kabla tafsiri haijaanza, pale programu inapoamua kipi ni wino na kipi ni uchafu. Kwa kawaida picha huondolewa rangi, ikabaki nyeusi na nyeupe tupu. Vidoa vidogo hufutwa, mistari hunyooshwa na kutenganishwa, ndipo kila mstari usomwe. Kwa Kiswahili usafi huo hauna madhara makubwa: i ikikosa nukta yake bado inasomeka. Kiarabu hakina msamaha huo. Be, te, the, nuni na ye zikiwa katikati ya neno zina umbo lilelile, na zinatofautishwa na nukta peke yake.

Chukua boksi la dawa lililoandikwa kwamba isitumike wakati wa ujauzito, الحمل. Punje ya vumbi ikikaa chini ya ile ha (na kiangazi cha Iringa vumbi halikosi), programu inaona jimu: الجمل, yaani ngamia. Katika programu nyingi sehemu inayotafsiri haioni picha kabisa. Inaletewa maandishi yaliyokwisha kusomwa, basi inamtafsiri ngamia kwa Kiswahili fasaha, bila dalili yoyote ya shaka. Programu za siku hizi hutazama maneno jirani, kwa hiyo katika sentensi nzima huenda zikajisahihisha. Ukikata picha likabaki neno moja, msaada huo umeutupa.

Kosa la ngamia angalau linachekesha, utalishtukia. Mimi naogopa zaidi tarakimu. Sifuri ya Kiarabu ni nukta, ٠, na tano ni kiduara, ٥, kinachofanana na sifuri yetu. Boksi likiwa na ٥٠٠ miligramu, sifuri mbili zikafutwa kama uchafu, inabaki 5. Kiduara nacho kikisomwa kwa macho ya tarakimu zetu, kinakuwa 0. Maneno jirani hayaokoi hapa, kwa sababu miligramu 5 na miligramu 500 zote ni vipimo ambavyo dawa huwa navyo.

Lipo pia kosa ambalo kamera haihusiki nalo. Kiarabu cha kawaida huandikwa bila irabu fupi, hivyo علم huweza kuwa elimu, bendera au “alifundisha”. Hapo herufi zimesomwa sawasawa, na mfasiri ndiye aliyekisia vibaya.

Kujua kosa limetokea wapi, usianze na Kiswahili. Fungua maandishi ya Kiarabu ambayo programu imeyatoa, uyaweke kando ya picha, uhesabu nukta za neno linalotia shaka. Zikitofautiana, piga picha upya kwa karibu, kwenye mwanga usio na kivuli. Picha iliyopitia WhatsApp mara nyingi imebanwa, na nukta mbili za te huweza kuungana zikaonekana moja, ukasoma nuni.