Ridhaa ya hatua mbili kwenye orodha ya barua pepe ni nini?

Ridhaa ya hatua mbili ni utaratibu ambao mtu haingii kwenye orodha yako ya barua pepe mpaka aombe, kisha athibitishe ombi hilo kupitia sanduku lake mwenyewe. Anajaza anwani, anatumiwa ujumbe mfupi wenye kiungo, anakibonyeza, ndipo anasajiliwa. Asipobonyeza, anwani yake haisajiliwi na hapati kitu kingine kutoka kwako.

Wafanyabiashara wengi huruka hatua ya pili kwa sababu inapunguza majina. Ni kweli inapunguza, na hiyo ndiyo kazi yake.

Tuchukue mfano wa nyumba ya wageni pale Capri Point, Mwanza. Mwenye nyumba anafungua kitabu cha wageni cha mapokezi, ananakili anwani 400, kisha anazitumia zote ofa ya Pasaka ya chumba pamoja na boti ya kwenda Saanane. Tatizo la kwanza ni mwandiko. Mgeni aliyeshuka basi la Dar usiku, amechoka, ameandika "a" ikasomeka "o", mwingine kaandika "gmail.con". Barua za namna hiyo zinagonga mwamba na kurudi, na zikirudi nyingi kwa mkupuo, seva zinazopokea zinaanza kumshuku mtumaji kwamba anwani zake ni za kuokoteza.

Baya zaidi ni pale anwani iliyokosewa inapokuwa ya mtu mwingine kabisa, ambaye Mwanza hajawahi hata kupita. Huyo hatakuandikia kulalamika. Atabonyeza kitufe cha kuripoti spamu, basi. Google inawataka watumaji wabaki chini ya malalamiko 3 kwa kila barua 1,000, na ikiwezekana chini ya 1. Kwa barua 400, wakilalamika watu 2 tu umeshafika 5 kwa 1,000. Hapo hata wageni waliokupenda wanaweza kuanza kupokea barua zako kwenye folda ya spamu bila kujua.

Tena kuna sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa zikusanywe kwa lengo linaloeleweka na zitumike kwa lengo hilo. Mgeni alijaza kitabu ili apewe chumba. Matangazo hakuyaomba.

Njia sahihi haina gharama kubwa. Weka mezani kikaratasi chenye msimbo wa QR unaofungua fomu, na kwenye fomu kisanduku kilicho tupu, ambacho mgeni atakiwekea tiki mwenyewe, kando ya maneno kama: "Nitumieni ofa za vyumba, si zaidi ya mara moja kwa mwezi." Hifadhi tarehe, saa na maneno hayohayo aliyoyakubali, maana siku mtu akiuliza "nilikubali lini?" utahitaji jibu. Ujumbe wa uthibitisho usibebe ofa yoyote. Pia kiungo chake kifungue ukurasa wenye kitufe cha kuthibitisha, kwa kuwa mifumo ya usalama ya baadhi ya maofisi hufungua viungo yenyewe kuvikagua, na unaweza kujikuta na "ridhaa" iliyotolewa na mashine.

Hata hivyo, ridhaa peke yake haitoshi. Ujumbe wenyewe wa uthibitisho unaweza kuishia kwenye spamu kama seva inayopokea haina njia ya kujua kwamba umetoka kwako kweli. Kosa la kawaida ni kutuma kupitia huduma ya barua za jumla huku anwani ya mtumaji ikiishia na @gmail.com. Kikoa hicho, yaani sehemu inayofuata alama ya @, ni cha Google, si chako, na huduma hiyo haina idhini ya kukisemea. Unahitaji kikoa chako, na ndani ya mipangilio yake rekodi tatu: SPF, inayotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lako, DKIM, saini inayoonyesha kwamba barua haikuguswa njiani, na DMARC, inayosema barua isiyopita ukaguzi ifanyweje. Huduma ya kutuma hukupa maandishi ya kunakili, kwa hiyo si kazi ya kumtafutia fundi.

Kupima ni rahisi. Jitumie barua kwenye Gmail, ifungue kwenye kompyuta, bonyeza vitone vitatu kisha "Show original". Juu utaona mistari ya SPF, DKIM na DMARC, kila mmoja ukiwa na matokeo yake, kama PASS au FAIL. Ukikuta SPF imepita lakini DMARC imeandikwa FAIL, mara nyingi maana yake huduma imetuma kwa kikoa chake yenyewe huku jina lililo mbele ya msomaji likiwa lako. Washa DKIM ya kikoa chako ndani ya huduma hiyo, kisha jitumie nyingine uangalie tena.