Namba na kipeo vikibadilika pamoja: namna ya kutofautisha x^x

Wanafunzi wa kidato cha sita wa skuli za Unguja na Pemba, wakituletea maswali ya kutofautisha hapa idarani Tunguu, hukwama sana kwenye y = x^x. Majibu wanayokuja nayo ni mawili, na yote mawili yamekosewa kwa sababu inayoeleweka.

Wa kwanza hutumia kanuni ya vipeo: shusha kipeo, kisha kipunguze kwa moja. Anapata x · x^(x−1), yaani x^x yenyewe. Lakini kanuni hiyo ni ya x^3 au x^7, ambapo kipeo hakibadiliki. Wa pili anakumbuka kuwa 2^x ikitofautishwa hutoa 2^x · ln 2, naye anaandika x^x · ln x. Kanuni hii nayo inataka namba ya chini itulie, na hapa haikutulia.

Njia inayofaa ni kukiteremsha kipeo kwa logi asilia kabla ya kutofautisha chochote. Chukua logi pande zote mbili:

ln y = x · ln x

Sasa upande wa kulia ni vitu viwili vinavyozidishana, na kanuni ya kuzidisha inatosha: 1 · ln x + x · (1/x), yaani ln x + 1. Upande wa kushoto, y yenyewe inategemea x, kwa hiyo kwa kanuni ya mnyororo ln y inatoa y′/y. Tunapata:

y′/y = ln x + 1

Hapa ndipo wengi huweka kalamu chini, wakaandika ln x + 1 kama jibu. Bado. Hicho ni y′ iliyogawanywa kwa y. Zidisha pande zote kwa y, kisha badala ya y andika x^x:

y′ = x^x · (ln x + 1)

Fungua mabano uone: x^x · ln x + x^x. Ni yale majibu mawili yaliyokosewa, yamejumlishwa! Mimi naliona hili ndilo jambo tamu kuliko yote katika mada hii. Mwanafunzi wa kwanza alihesabu badiliko linaloletwa na namba ya chini peke yake, wa pili akahesabu linaloletwa na kipeo peke yake. Kila mmoja alishika nusu. Na si bahati ya x^x tu: kwa u^v yoyote, maadamu u ni chanya, kanuni hizo mbili zikijumlishwa ndizo zinazotoa jibu.

Usiniamini kwa maneno, chukua kalkuleta. Kwenye x = 2 jibu letu ni 4 · (0.693 + 1), karibu 6.773. Sasa kokotoa 2.001^2.001, utapata karibu 4.00678. Toa 4, ugawe kwa 0.001: 6.78. Majibu ya wale wawili yangekuwa 4 na 2.773, nayo yako mbali kabisa.

Hata bila ya kalkuleta kosa hujionesha kwenye umbo la mchoro. Jibu la kwanza, x^x, daima ni chanya, kwa hiyo linadai mchoro unapanda tu. Lakini 0.1^0.1 ni 0.794 na 0.3^0.3 ni 0.697, maana yake umeshuka. Jibu la pili linakuwa sifuri pale x = 1, kwa hiyo linadai mchoro unashuka mpaka hapo. Nao, kuanzia 0.5^0.5 ambayo ni 0.707 hadi 1^1 ambayo ni 1, unapanda. Jibu sahihi linakuwa sifuri pale ln x = −1, yaani x = 1/e, karibu 0.368, na hapo ndipo palipo chini kuliko pote: 0.692.

Yote haya ni kwa x iliyo kubwa kuliko sifuri. Logi ya namba hasi haipo katika namba halisi, na x^x yenyewe huvunjika: (−0.5)^(−0.5) inataka kipeuo cha pili cha namba hasi. Kwa sababu hiyo hiyo, ukipewa (cos x)^x, kwanza tafuta ni wapi cos x ni chanya, ndipo uchukue logi.

Mtego mwengine uko kwenye swali kama y = x^x + x^2. Mtu huandika ln y = x · ln x + 2 · ln x, kana kwamba logi inaingia ndani ya jumla. Logi huvunja kuzidisha na kugawanya, haivunji kujumlisha. Tenga vipande: kiite cha kwanza w = x^x, kitafutie w′ peke yake kwa logi, halafu tofautisha x^2 kwa kanuni ya kawaida, ndipo ujumlishe:

y′ = x^x · (ln x + 1) + 2x