Wastani wa sampuli kubwa na umbo la kengele: dhana potofu na ukweli

Maelezo ambayo wanafunzi wengi wa takwimu huyashika ni haya: hata kama data zimeegemea upande mmoja, ukichukua sampuli kubwa, wastani wake utafuata mgawanyo wa kawaida, yaani umbo la kengele. Kiini chake ni sahihi. Ndiyo kanuni ya kikomo cha kati, ambayo Abraham de Moivre aliionyesha kwa urushaji wa sarafu mwaka 1733, na Laplace akaipanua mwaka 1810. Tatizo ni namna inavyosimuliwa.

Dhana: Sampuli ikiwa kubwa, data zenyewe huwa za kawaida.

Hapana. Mishahara ya watu 10,000 itabaki na mkia mrefu kulia kama ya watu 100, na mkia huo utaonekana wazi zaidi. Kinachokaribia kengele ni wastani: fikiria unachukua sampuli nyingi zenye ukubwa uleule, kila moja unaiandikia wastani wake, kisha unachora grafu ya wastani hizo.

Dhana: Sampuli ikifika 30, umefika.

Hii ndiyo inayoumiza watu zaidi, kwa sababu inafundishwa kama sheria. Hakuna namba 30 popote ndani ya kanuni. Kanuni inasema tu kwamba kadiri n, yaani ukubwa wa sampuli, inavyokua bila kikomo, umbo linakaribia kengele. Mwendo wa kukaribia unategemea data zako.

Chukua bima. Tuseme mteja 1 kati ya 100 hupata hasara ndani ya mwaka na kulipwa shilingi 1,000,000, na wengine hawalipwi kitu. Wastani wa kweli wa malipo ni shilingi 10,000 kwa mteja. Sasa chagua wateja 30 kwa bahati nasibu. Uwezekano kwamba hakuna hata mmoja aliyelipwa ni 0.99 kwa kipeo cha 30, yaani karibu asilimia 74. Kwa hiyo karibu sampuli tatu katika kila nne zitatoa wastani wa sifuri kamili. Grafu yake ni mnara mmoja mrefu kwenye sifuri na vipande vichache kulia. Tena mchepuko wa sampuli hizo, yaani kiasi ambacho thamani hutofautiana na wastani wake, nao ni sifuri, kwa hiyo anayekokotoa kipindi cha uhakika, yaani masafa yanayotarajiwa kuwa na wastani wa kweli, atapata kipindi kisicho na upana wowote, kikimwambia ana hakika kamili kwamba hasara haitokei.

Mwenye kompyuta anaweza kulithibitisha mwenyewe:

```python
import numpy as np
rng = np.random.default_rng(1)
w = rng.binomial(30, 0.01, 100000) / 30
print((w == 0).mean())
```

Ongeza hadi wateja 100. Asilimia 37 ya sampuli bado zitatoa sifuri, na asilimia 37 nyingine zitatoa shilingi 10,000 kamili. Kengele bado haipo.

Kuna kipimo kinachosaidia kukadiria. Takwimu hupima mwegemeo wa data kwa namba: sifuri kwa data zenye ulinganifu, na kadiri mkia wa kulia unavyorefuka ndivyo namba inavyopanda. Mwegemeo wa wastani ni ule wa data uliogawanywa kwa √n. Data zetu za bima zina mwegemeo wa karibu 9.85, kwa hiyo kwa n = 30 wastani hubaki na 1.8. Linganisha na muda wa kusubiri unaofuata mgawanyo wa kipeo, wenye mwegemeo wa 2: kwa n = 30 unabaki karibu 0.37, na hapo kengele inaanza kukubalika. Bima ingehitaji wateja wapatao 730 kufika hapo hapo.

Lakini hata hiyo 0.37 isikulaze usingizi. Kinadharia, kila mkia nje ya michepuko 1.96 ya wastani unapaswa kuwa na asilimia 2.5. Kwa muda wa kusubiri, wa kulia una karibu 3.4 na wa kushoto 1.4. Jumla inakaribia 5, kwa hiyo anayetazama jumla pekee haoni kosa. Anayepima upande mmoja tu ndiye linayempata.

Dhana: Data zozote zitakubali, ilimradi uwe na subira.

Kanuni ina masharti. Toleo lake la msingi hudai vipimo viwe huru, kimoja kisiathiri kingine, vitoke kwenye mgawanyo uleule, na mtawanyiko wake uwe na kikomo. Mgawanyo wa Cauchy hauna mtawanyiko wenye kikomo, wala hata wastani; ukichukua wastani wa vipimo 1,000,000 vyake, unapata mgawanyo uleule wa kipimo kimoja. Sharti la uhuru nalo huvunjwa kimyakimya: ukihoji watu 20 katika kila moja ya kaya 5, una majina 100, lakini taarifa zako huenda zikawa karibu zaidi na za kaya 5 kuliko za watu 100.

Kabla ya kutegemea kengele, chora grafu ya data zako kwanza. Kama thamani chache kubwa ndizo zinazobeba sehemu kubwa ya jumla, n yako bado ni ndogo, hata kama ni 500.