Dereva kagonga Mkolani, kwa nini anadaiwa bosi?

Gari limemgonga mtu Mkolani. Kwenye usukani alikuwa dereva, bosi yuko nyumbani kwake. Kwa nini deni limfuate yeye?

Kwa sababu dereva alikuwa kwenye kazi ya bosi. Mahakama haimuulizi bosi alikosea nini. Inataka kujua mambo matatu tu: kama dereva alikuwa mzembe, kama ni mwajiriwa wa huyo bosi, na kama uzembe ulitokea ndani ya kazi aliyopewa. Yakithibitika yote, wote wawili wanadaiwa, na aliyeumia anaweza kudai fidia nzima kwa yeyote kati yao. Kanuni hii Tanzania iliirithi kutoka kwenye maamuzi ya mahakama za Uingereza, kwa sheria inayopokea kanuni hizo kama zilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Ndiyo maana kesi ya Fuso ya Mwanza inaweza kuamuliwa kwa kutazama mabasi ya farasi ya London.

Jambo la tatu ndilo linaloumiza vichwa. Tuseme Fuso imepakia dagaa pale Mwaloni Kirumba, na dereva ametumwa awafikishe kwa mnunuzi Buhongwa. Anafika Mkolani akiwa mwendo kasi, anamgonga mwendesha baiskeli. Bosi anasema, "Nilimkataza kukimbiza gari, hata karatasi alisaini." Haimsaidii. Mwaka 1862 kampuni moja ya mabasi ya London ilikuwa na utetezi huohuo: madereva walishapewa katazo la maandishi wasizuie mabasi ya wenzao, mmoja akazuia na kuleta ajali, kampuni ikawajibika. Katazo lilihusu namna ya kuendesha, na kuendesha ndiyo kazi aliyoajiriwa kuifanya.

Sasa badilisha safari. Dereva ameshusha mzigo Buhongwa, na badala ya kurudi Kirumba anashika njia ya Usagara hadi Kigongo kuhudhuria msiba wa rafiki yake, bila ruhusa. Akigonga mtu huko, bosi ana utetezi wa kweli, kwa kuwa hiyo ni safari ya dereva mwenyewe. Lakini kama aliingia mtaa wa jirani kununua chakula kisha akaendelea na safari, kazi haikukatika. Hakuna idadi ya kilomita iliyowekwa. Mahakama hupima alikwenda umbali gani, kwa muda gani na kwa shughuli ya nani.

Utingo naye ana shauri lake. Akiwasha gari sokoni ili kulisogeza na akamponda mtu, bosi anaweza kuponyoka, maana kazi ya utingo si kuendesha. Anaweza kunaswa kwa mlango mwingine, endapo dereva ndiye aliyempa ufunguo au aliuacha kizembe, kwa kuwa kutunza gari ni kazi ya dereva.

Kwa aliyeumia, hatua ya kwanza ni kujua mwenye gari kwa namba ya usajili. Jina lililo kwenye kadi ya gari ni pa kuanzia pazuri: kwa kawaida mahakama huchukulia kwamba gari lilikuwa likiendeshwa kwa niaba ya mwenyewe, mpaka aonyeshe vinginevyo. Kusema "huyu ananiletea hesabu tu" peke yake ni utetezi dhaifu. Pikipiki ya mkataba, ambayo bodaboda anailipia mpaka iwe yake, ina ubishi mzito zaidi, kwa hiyo mkataba wenyewe lazima usomwe.

Tunza PF3, ramani ya ajali ya polisi na nakala ya hukumu kama dereva alitiwa hatiani kwa kuendesha kizembe. Hukumu hiyo inasaidia kuthibitisha uzembe. Haithibitishi kwamba alikuwa kazini. Risiti za matibabu na nauli ni roho ya madai, kwa sababu hasara ya fedha hutajwa kiasi chake na kuthibitishwa. Maumivu ndiyo yanayoachiwa hakimu akadirie. Madai ya uzembe hufunguliwa ndani ya miaka 3.

Namba ya bima ichukuliwe mapema. Bima dhidi ya mtu wa tatu ni ya lazima, ila kwa kawaida anayeshtakiwa ni mwenye gari na dereva, halafu kampuni ya bima ndiyo hulipa hukumu. Iandikie kabla hujafungua shauri, isije ikakataa kwa madai kwamba haikujulishwa.

Bosi aliyelipa anaweza kumgeukia dereva, lakini si kwa kumnyang'anya mshahara mzima. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka aeleze deni kwa maandishi, ampe dereva nafasi ya kulipinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake.